Free Fire inaganda kuanzia mechi ya pili, namba ya mtandao iko sawa. Tatizo ni nini?

Konda_Moro: Wakuu, naomba msaada. Simu yangu ni ya bei rahisi, ramu GB 3. Mechi ya kwanza inakwenda vizuri, kuanzia ya pili inakwama. Nimebadilisha laini mbili, hali ni ileile, na namba ya pingi inasoma 70 hadi 90. Tena kuna wakati nasukuma kidole lakini mchezaji hatembei. Hela ya simu nyingine sina.

Sele_K: Mtandao huo mkuu. Lazimisha simu ikae 4G, kaa karibu na dirisha. Mimi nilifanya hivyo, maadui wakaacha kurukaruka.

FundiSimu: Sele, wako ulikuwa mtandao kweli, maana maadui ndio walikuwa wanaruka. Huyu hajasema hivyo. Konda, kuzungusha kamera ya gemu ni kazi ya simu yenyewe, haisubiri seva. Simama pasipo na adui, zungusha taratibu. Picha ikikatikakatika huku pingi ni 70, prosesa imelemewa. Ikizunguka laini lakini adui anahama ghafla, au unampiga na damu inachelewa kupungua, hapo ni mtandao. Fanya hivyo mechi ya kwanza na ya tatu.

Mama_Shamsa: Samahani, ya mwanangu inazima ikifika asilimia 30. Nayo ni prosesa?

FundiSimu: Hapana dada, hiyo kapime betri kwanza.

Konda_Moro: Nimejaribu jana usiku. Mechi ya kwanza laini kabisa. Ya tatu inakatika, mgongo wa simu unachoma, pingi bado 80. Nimevua kava nikaipumzisha dakika 15, ikarudi vizuri. Ila kidole bado kinasumbua. Huwa nacheza ikiwa kwenye chaji.

FundiSimu: Basi una matatizo mawili. La kwanza ni joto: simu ikichemka inajipunguzia kasi isiungue. Shusha grafiki hadi chini kabisa, vua kava, usicheze ukichaji. Kwa kidole, ingia kwenye taarifa za simu, gusa `Build number` mara 7, kisha kwenye `Developer options` washa `Pointer location`. Buruta kidole kioo kizima, utaona mstari unajichora. Mstari ukikatika au kurukaruka kwenye chaji tu, ni chaja. Ukikatika palepale hata bila chaja, bandua protekta urudie.

Konda_Moro: Bila chaja mstari umenyooka, isipokuwa kona ya chini kushoto, pale pale penye kitufe cha kutembea. Protekta nimebandua, bado unakatika. Fundi wa hapa anataka abadilishe kioo.

Sele_K: Usimpe hela bado! Kwenye mipangilio ya gemu unaweza kusogeza kitufe hicho juu kidogo.

FundiSimu: Hapo Sele yuko sahihi. Kisogeze, na upige picha ya huo mstari leo. Baada ya wiki 2 rudia: sehemu iliyokufa ikiwa imetanuka, kioo kinakufa. Isipotanuka, sioni sababu ya kukibadilisha.

Konda_Moro: Nimesogeza, mchezaji anatembea. Picha ya mstari nimeihifadhi, nitarudi nayo hapa.