Ati kabla ya kazi nilikuwa naishi gizani?

Sebule_Ofisi: Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono inatetemeka. Yule jamaa wa mishahara simtaji, mnamjua, kila kampuni ina wa kwake na wote ni tumbo moja.

Miezi 3 tumepigania posho ya kufanyia kazi nyumbani. Ikapita. Tuseme ni 100 kwa mwezi, 60 ya intaneti na 40 ya umeme. Leo slipu imetoka, posho imepangwa safu moja na mshahara, kodi ya asilimia 30 imepita nayo. Imebaki 70! Nikilipa intaneti, umeme wa mwezi mzima una 10. Nikauliza kwa adabu zote, inakuwaje gharama za kampuni ninazozibeba mimi ziitwe mapato yangu? Akanijibu mbele ya watu 40: "Kwani kabla ya kazi ulikuwa unaishi gizani?"

Gizani! Watu wamecheka mpaka vioo vya simu vimetoa ufa. Vikao 6 kwa siku, ruta yangu inapumulia mashine, halafu naambiwa gizani!

Siti_ya_Nyuma: Mbele yake ulinyamaza, hasira umetuletea sisi. Endeleeni, nipo.

Kalamu_Nyekundu: Pole kwa tusi, mkuu, ila kwenye kodi hajakosea. Mliomba vibaya. Pesa ya kiwango kilekile kila mwezi, isiyodaiwa risiti, nchi nyingi huihesabu kama mshahara hata mkiipa jina gani. Mngeomba marejesho: unalipa bili, unapeleka risiti, unarudishiwa ulichotumia kwa kazi. Hapo kwa kawaida hakuna kodi, maana hujabaki na kitu. Kuna nchi zimeruhusu mwajiri alipe kiasi fulani bila risiti wala kodi. Ayalandi ni yuro 3.20 kwa kila siku unayofanyia kazi nyumbani, Uingereza pauni 6 kwa wiki. Kama sheria yenu haina kitu hicho, kamateni risiti. Au mwajiri abebe kodi mwenyewe: ili wewe ushike 100, alipe 143.

Mjanja_wa_Bili: Risiti tu, basi. Mimi napeleka bili ya umeme ya nyumba nzima, friji na pasi humohumo, sijawahi kukatwa.

Kalamu_Nyekundu: Hujakaguliwa bado. Siku wakija, umeme wa friji utahesabiwa kuwa mshahara na kodi yake itadaiwa ya nyuma yote. Laptopu ya wati 65, saa 8 kwa siku, siku 22, inakula yuniti 11 na nusu hivi. Ruta na taa zikiongezwa inafika karibu 15. Zidisha kwa bei ya yuniti iliyo kwenye bili yako, hiyo ndiyo ya kudai.

Sebule_Ofisi: Yuniti 15 nimekuelewa. Lakini GIZANI? Mbele ya watu 40?

Fundi_Mtaa: Kama kwa jirani kunawaka na kwako giza, kagua swichi kuu kwanza kabla hujalaumu mtu.

Sebule_Ofisi: Soma uzi, kaka!

Mama_Wawili: Mimi risiti zangu zimekataliwa zote kwa sababu intaneti ya nyumbani ina jina la mume wangu. Kazi nafanya mimi, bili analetewa yeye. Nifanyeje?

Kalamu_Nyekundu: Dada, hapo wahasibu hawafanani. Wengine wanapokea barua ya maelezo pamoja na uthibitisho kuwa pesa ilitoka kwako, wengine hawataki kusikia. Ukiweza, hamisha jina.

Mama_Wawili: Kuhamisha jina nako ni vita nyingine humu ndani.

Mgongo_Unauma: Mnalilia intaneti wenzenu tunalilia viti. Nilipewa pesa ninunue kiti cha kazi, ikakatwa kodi. Sasa nimeacha kazi, wananiambia nirudishe kiti!

Kalamu_Nyekundu: Hawawezi kuwa navyo vyote viwili. Kifaa cha kampuni ulichoazimwa kufanyia kazi, kwa kawaida hukatwi kodi na ukiondoka unakirudisha. Wakikata kodi maana yake walikuhesabia umelipwa, kiti chako. Risiti ya dukani ina jina la nani?

Mgongo_Unauma: Langu. Ila kuna fomu nilisaini ya vifaa, sikuisoma.

Kalamu_Nyekundu: Aah. Itafute hiyo fomu kabla hujawajibu chochote.

Mjanja_wa_Bili: Mimi walidai mpaka waya wa chaji, na ulishatafunwa na paka.

Sebule_Ofisi: Jamani, tulikuwa tunaongelea giza.

Mama_Wawili: @Mgongo_Unauma kiti chenyewe kina magurudumu?