Zege lenu mlilimwagilia siku ngapi? Tupeane uzoefu

Mjenzi wa Nzuguni
Wakuu, wiki ijayo namwaga slabu ya ghorofa hapa Dodoma, mita 10 kwa 8. Fundi anasema akimwagilia asubuhi na jioni kwa siku 3 inatosha, kwa sababu zege likishakuwa gumu kazi imekwisha. Kwa jua na upepo wa huku nasita. Mliokwisha kujenga, mlifanyaje na ikawaje?

Mama Kisasa
Baraza yetu ilimwagwa kipindi cha upepo, boza la maji halikufika, ikaachwa hivyo hivyo. Sasa kila ukifagia, unga hauishi. Injinia alikwaruza kwa msumari, ukachimba mfereji. Akasogea kwenye kona iliyokuwa imelaliwa na rundo la mchanga uliolowa tangu kesho yake: msumari uliteleza tu. Zege ni lile lile, la siku ile ile.

Baba Ghorofa
Ndugu, usihangaike na kumwagilia. Maji yanayoingia kwenye mixa yanaitosha saruji. Sisi tuliongeza ndoo kadhaa, zege likawa laini na kazi ikaenda haraka.

Mzee wa Saiti
Baba Ghorofa, hapo mwanzo uko sahihi. Maji ya kwenye mixa kwa kawaida yanaitosha saruji, ila shida ni kwamba hayakai. Jua na upepo vinayanyonya kupitia juu, na saruji inataka siku nyingi kuungana nayo. Zege haliwi gumu kwa kukauka, linakuwa gumu kwa saruji kuungana na maji, na likikauka ndani kazi hiyo inakaribia kusimama. Kuongeza ndoo kwenye mixa hakusaidii. Maji ya ziada yakitoka yanaacha vitundu, na nguvu inashuka.

Mjenzi, fundi wako anachanganya kuganda na kukomaa. Kesho yake unaweza kutembea juu ya slabu, lakini bado ni changa. Kwa saruji ya kawaida, siku ya 7 zege lililotunzwa huwa na kama theluthi mbili ya nguvu linayopimiwa siku ya 28. Na kumwaga maji asubuhi na jioni kwa jua la Dodoma maana yake ni kwamba saa nyingi za mchana uso ni mkavu.

Ningefanya hivi. Siku ya kumwaga, mara uso unapopoteza mng'ao wa maji, tandika nailoni ili upepo usipasue zege bichi. Usimwage maji kwa nguvu wakati huo, utaosha saruji ya juu. Kesho yake jenga kingo ndogo za udongo au mota kuzunguka slabu, ujaze maji sentimita 3. Kwa mita zako 80 za mraba hizo ni lita 2,400. Kisha kila siku unafidia yaliyopungua, kwa siku 7. Kama mfuko umeandikwa 32.5 na saruji imechanganywa na pozolana, nenda siku 10 hadi 14, kwa kuwa hiyo inakomaa polepole. Mirunda isiguswe kwa sababu tu ya kuona uso mgumu.

Kijana wa Tofali
Mimi tofali zangu za bloku zinavunjika kwenye toroli. Naanika juani ziive haraka. Au mchanga ndio mbaya?

Mzee wa Saiti
Mchanga siujui, sijauona. Lakini ziweke kivulini, zifunike, uzimwagilie wiki nzima, kisha ulinganishe.

Wa Tanga
Huku kisima kina chumvi. Kunaweza kumwagiliwa?

Mzee wa Saiti
Penye nondo, usitumie. Chumvi huingia ndani ikaja kuitafuna nondo. Bora maji kidogo yasiyo na chumvi, magunia yaliyolowa, na nailoni juu yake.

Mjenzi wa Nzuguni
Lita 2,400 ni nyingi, na maji huku ni bei. Halafu mkandarasi ananiambia vile vipande vya mchemraba vya maabara vitanithibitishia kila kitu.

Mzee wa Saiti
Vipande hivyo vinakaa ndani ya tangi la maji mpaka siku ya kuvunjwa. Vinakuonyesha mchanganyiko ulikuwaje, si slabu yako imetunzwaje. Kama maji ni ghali, funika magunia yaliyolowa, nailoni juu, na uikandamize pembeni ili upepo usiingie. Utatumia maji machache sana kuliko bwawa. Kila jioni funua kona moja: gunia likiwa kavu, ongeza.

Dada wa Ihumwa
Nina slabu iliyoachwa kavu wiki mbili. Nikianza kumwagilia leo, itarudi?

Mzee wa Saiti
Itarudisha sehemu, si yote. Anza leo.

Injinia wa Makole
Mimi ningetoboa vipande kwanza na kuvipima kabla ya kupandisha kuta juu yake. Slabu nyingine za hivyo hupita, nyingine hazipiti, na kwa macho huwezi kujua.

Dada wa Ihumwa
Kutoboa hakutazidhuru nondo?