Naomba ushauri: barua pepe ya kuagiza chupa za asali China, nipo Tabora

NyukiWaSikonge: Wakuu habari za leo. Nafungasha asali hapa Tabora mjini, nyingi naitoa Sikonge. Nataka kuagiza chupa za kioo na vifuniko vyake moja kwa moja kiwandani China, nianze na 3,000. Barua ni hii, mpwa wangu ataigeuza Kiingereza. Naomba mnipitie kabla sijaituma:

"Tunahitaji chupa za asali za nusu kilo. Oda ya chini ni ngapi? Tunaomba sampuli. Mzigo utachukua muda gani, na bei mpaka Tabora ni kiasi gani?"

mtemi_mdogo: Fupi na nzuri. Ongeza tu kwamba unataka bei ya CIF Dar es Salaam. Hapo meli na bima wanalipa wao, wewe kazi yako ni kwenda kuchukua mzigo.

Kwihala88: Debe la asali unauzaje mkuu?

NyukiWaSikonge: @Kwihala88 njoo PM.

WakalaKurasini: Dada au kaka, usiitume hivyo. Kiwanda cha chupa hakijui "nusu kilo", kinajua mililita. Asali ni nzito kuliko maji, nusu kilo inakaa kwenye kama mililita 350. Ukiacha nafasi kidogo juu, chupa yako ni ya mililita 370 au 380. Wakikutumia ya mililita 500, itameza kama gramu 700: ama unagawa asali bure, ama chupa inakaa haijajaa dukani.

Kuhusu oda ya chini, uliza mara tatu: ya chupa, ya kifuniko, na ya kuchapa nembo. Chupa ambayo tayari wana umbo lake wanaweza kukuuzia chache. Ukitaka umbo lako mwenyewe au nembo kwenye kifuniko, idadi inapaa. Kwa 3,000 chukua chupa yao ya kawaida, kifuniko cha dhahabu kisicho na maandishi, na lebo ubandike hapo hapo Tabora.

@mtemi_mdogo umepatia kwenye meli na bima. Lakini CIF inaishia bandarini. Gharama za bandari, ushuru, VAT ya 18%, wakala wa forodha na lori la zaidi ya kilomita 800 ni za mnunuzi. Tena chupa 3,000 hazijazi kontena, ni mita za ujazo kama tatu hivi, kwa hiyo utachangia kontena na wengine. Hapo ndipo CIF ya bei chee inaponasa watu: nauli ya meli inaonekana ndogo, halafu Dar unakuta bili ya kufungua kontena na ghala ambayo hukuambiwa. Omba bei zote mbili, FOB, yaani bei ya mzigo mpaka unapopakiwa melini huko China, kwa kuitaja bandari yenyewe, na CIF Dar, kisha mpe wakala wako azilinganishe.

mtemi_mdogo: Sawa, hapo kwenye bili ya ghala sikuwa nimepafikiria. Ila sampuli wanatoa bure, hilo nina uhakika.

WakalaKurasini: Chupa yenyewe mara nyingi bure, nauli ya kuituma kwa kuria unalipa wewe. Uliza kama hela hiyo wataikata kwenye oda.

Ujiji_Mawese: Mimi huku Kigoma nilileta chupa za plastiki za mawese. Sampuli ilikuwa ngumu, mzigo ulipofika chupa zinabonyea mkononi. Nao wakasema ujazo ni ule ule, na kweli ni ule ule.

WakalaKurasini: Ndiyo maana uzito wa chupa tupu unaandikwa kwenye oda. Sampuli ikifika ipime kwenye mizani, ijaze asali, funga, ilaze kichwa chini usiku mzima uone kama inavuja. Moja ibaki kwako.

Barua ningeiandika hivi:

"Tunafungasha asali Tabora, Tanzania. Tunahitaji chupa ya kioo ya mililita 380 yenye kifuniko cha chuma. Tafadhali tupeni:
– oda ya chini ya chupa na ya kifuniko, bila nembo na kwa nembo;
– bei kwa 3,000, 5,000 na 10,000, FOB (tajeni bandari) na CIF Dar es Salaam;
– uzito wa chupa tupu, idadi kwa katoni, vipimo na uzito wa katoni;
– gharama ya sampuli tatu na kuria;
– siku za kutengeneza, zikihesabiwa tangu mpokee malipo ya awali.
Mmewahi kusafirisha mzigo Tanzania kwa cheti cha PVoC cha TBS?"

Hilo la mwisho lisiachwe, PVoC ni ukaguzi wa ubora wa TBS unaofanyika huko kabla mzigo haujapakiwa. Na siku za kutengeneza si siku za safari. Oda ikiangukia mwaka mpya wa Kichina, Januari mwishoni au Februari, viwanda hufungwa na utasubiri.

NyukiWaSikonge: Mimi ni dada, asante sana kaka. Nazitaka kabla ya mavuno ya kiangazi, kwa hiyo hiyo Februari inanihusu. Hivi kwa 3,000 tu, si afadhali ninunue Dar?

mtemi_mdogo: Ndicho nilichotaka kusema tangu mwanzo.

WakalaKurasini: Inawezekana kabisa. Peleka barua hiyo hiyo Dar, ukitoa mambo ya meli, uone bei ya chupa ikishafika Tabora.

Ujiji_Mawese: Na kuvunjika njiani, anabeba nani? Mimi sijawahi kujibiwa hilo.