Naomba ushauri: tuende ukumbini au tusubiri mtandaoni?

Wakuu, mimi na mke wangu tunaitaka filamu mpya ya Universal. Kwenda ukumbini ni tiketi mbili na nauli kutoka Igoma, kurudi usiku.

Mwaka 2020 Universal walikubaliana na AMC, kampuni ya kumbi za sinema, kwamba filamu ingeweza kukodishwa mtandaoni baada ya siku 17. Lakini hiyo ni Marekani, na kukodi unalipia filamu mojamoja. Kwenye kifurushi cha mwezi cha kutazama, kama Netflix, huja baadaye zaidi. Tena haki huuzwa nchi kwa nchi, kwa hiyo iliyomo Netflix ya kule yaweza isiwemo ya hapa.

Ingekuwa ya mapigano nisingesita, ukumbi una sauti. Hii ni ya maongezi. Mlioko Mwanza, mnajuaje kama filamu itafika kwetu kwa kukodi, au itabidi kungoja kifurushi?