Tupeane uzoefu: ulijibuje ofa ya kazi ukiomba mshahara uongezwe na bonasi ya kusaini?

Kitasa
Wakuu, mdogo wangu kapata ofa jana. Ananiambia "nasaini tu, nikiomba zaidi wataghairi". Nikakumbuka yangu ya miaka 4 iliyopita, jinsi nilivyofuta na kuandika ile barua pepe usiku kucha. Nawawekea hapa. Tarakimu nimezigeuza ili ofa ya mwanzo iwe 100 kwa mwezi, pesa zenyewe mtajaza wenyewe.

Kule nilikokuwa nilikuwa nalipwa 90, na zilibaki wiki 10 nilipwe bonasi ya mwaka, sawa na mishahara 2. Nikaandika hivi:

"Asanteni kwa ofa. Kazi hii naitaka, na tarehe ya kuanza mliyotaja inanifaa. Kabla ya kusaini naomba tuzungumze mambo mawili. La kwanza ni mshahara wa msingi. Kwenye usaili tulikubaliana kwamba nitasimamia pia watu 4, jukumu ambalo halikuwepo kwenye tangazo. Kwa hiyo naomba uwe 115. La pili, nikiondoka sasa napoteza bonasi ya mwaka ya 180 ambayo ingelipwa baada ya wiki 10. Naomba bonasi ya kusaini ya kiasi hicho ili kuifidia. Tukikubaliana kwa haya mawili, nasaini siku hiyohiyo."

Siku 3 kimya. Sikula. Siku ya 4 wakapiga simu.

Mama Pili
Hizo siku 3 za kimya nazijua mimi. Unafungua simu kila dakika kama una mgonjwa.

Jongoo Hapandi
Wakasemaje sasa? Usitukatie utamu.

Kitasa
Walisema skeli ya cheo kile mwisho wake ni 112, juu ya hapo hawawezi hata wakitaka. Wakanipa nichague: 112 bila bonasi, au 106 na bonasi ya kusaini ya 150. Nikachukua ya pili, nilikuwa na deni linanikaba.

Shoka Jipya
Ulifanya sawa. Bonasi kwanza siku zote! Ya mkononi ni ya mkononi, hiyo nyongeza ya kila mwezi inaliwa na makato huioni.

Karani Mstaafu
Shoka, taratibu. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo miaka mingi, ofa nimeziandika mimi. Kwanza na bonasi inakatwa kodi, tena kwa kuwa inaingia kwa mkupuo, mwezi ule makato yanashtua. Pili, tupige hesabu ya Kitasa. Tofauti ya 112 na 106 ni 6 kwa mwezi. Gawanya 150 kwa 6, unapata miezi 25. Kwa hiyo kama angekaa chini ya miezi hiyo, bonasi ilikuwa bora. Zaidi ya hapo anapoteza, na anapoteza kila mwezi, kwa sababu bonasi imelipwa mara moja ikaisha. Halafu nyongeza za mwaka zinapigwa kwa asilimia juu ya mshahara wa msingi. Wakiongeza asilimia 5, yule wa 112 anakwenda 117.6, wa 106 anakwenda 111.3. Pengo lililokuwa 6 limekuwa 6.3, na mchango wa pensheni nao unafuata msingi huohuo.

Kwa nini walikuwa wepesi kumpa bonasi? Kwa sababu mshahara ukipandishwa unabaki kwenye vitabu miaka yote, na wenzake wa cheo kile wakijua watadai. Bonasi haiwasumbui hivyo. Ndiyo maana ukiambiwa skeli imefika mwisho, usikasirike, hamia kwenye bonasi.

Kitasa
Nina miaka 4 pale, mzee. Hesabu yako imeniuma.

Shoka Jipya
Deni lake ungelilipa wewe? Mtu ana shida leo unamletea miezi 25.

Karani Mstaafu
Sijasema alikosea. Nimesema ajue alichouza.

Binti Kimya
Mnaongea bonasi kama zawadi. Ngojeni niwasimulie.

Mimi niliomba, nikapewa bila ubishi, nikashangilia. Bonasi ya 100, ikaingia 70 baada ya kodi. Nikalipa kodi ya nyumba, nikamtibu mama, ikaisha. Nikiwa na miezi 9 kazini kampuni ikapanga upya idara, kitengo chetu kikafutwa. Sikuacha kazi, sikufukuzwa kwa kosa, nafasi tu haikuwepo tena. Siku ya kukabidhi vitu nikapewa karatasi ya malipo ya mwisho: siku za likizo zangu zote zimekatwa, na bado nadaiwa. Nauliza nini hiki, wananifungulia mkataba. Kipengele kinasema nikiondoka "kwa sababu yoyote" kabla ya miezi 12, narudisha bonasi yote. Yote! Si ile miezi 3 iliyobaki. Na wanataka 100, siyo 70 niliyoiona kwa macho. Niko pale mapokezi na boksi langu, nalia mbele ya mlinzi.

Mama Pili
Jamani. Pole mwanangu.

Mwana Sheria Mtaani
Hiyo haiwezi kusimama popote. Wamekufuta wenyewe, huwezi kudaiwa. Ungewapeleka mbele.

Binti Kimya
Nilipeleka kwa wakili. Akasema inategemea sheria ya kazi na maneno niliyosaini, na kesi itakula zaidi ya deni. Tulipatana nirudishe nusu. Kwa hiyo "haiwezi kusimama" yako mkuu, mimi ilinisimamia.

Mwana Sheria Mtaani
Wakili wako alikuwa mwoga.

Binti Kimya
Haya, nawe uwe jasiri kwa pesa yako.

Karani Mstaafu
Dada, kipengele hicho hujadiliwa kabla ya kusaini, na hapo wengi wetu huwa tunakubali. Omba maneno 3 yabadilike: marejesho yawepo ukiacha mwenyewe au ukifukuzwa kwa kosa tu, yapungue kila mwezi, yaani ukitumikia miezi 9 kati ya 12 urudishe robo, na yahesabiwe kwa ulichopokea baada ya kodi. Hilo la mwisho ndilo gumu, wahasibu hawalipendi. Mawili ya kwanza kuyapata si ajabu.

Jongoo Hapandi
Mimi nilidanganya nina bonasi naiacha. Wakaomba barua ya kuithibitisha. Naishia hapo.

Fundi Redio
Nami niko kazini kwangu mwaka wa 6, bosi hajaniongeza kitu. Niombe bonasi ya kusaini?

Shoka Jipya
Usaini nini tena Fundi, umeshaoa.

Mama Pili
Mie nasema huyo mdogo wa Kitasa asiombe yote mawili, ataonekana mlafi. Achague moja.

Karani Mstaafu
Aombe yote kwenye barua moja. Kinachokera ni mtu kuomba mshahara leo, akapewa, kesho anarudi na bonasi, keshokutwa likizo. Kila mara nilikuwa napanda ghorofani kuombea saini upya. Mmoja alinipandisha mara 3, ya 3 mkurugenzi akasema mpe wa pili kwenye orodha. Na yule alikuwa ameshaacha kazi ya zamani kwa sababu tulimwambia kwa simu "usijali".

Kitasa
Dogo anasoma hapa. Ameniuliza kama Jumatatu asubuhi ni mapema mno kutuma, ofa yake inaisha Jumatano.

Karani Mstaafu
Atume leo. Na mwambie huyo binti asikabidhi notisi kokote kabla mkataba wenye tarakimu mpya haujafika na saini ya pande zote.

Kitasa
Dogo ni wa kiume, mzee.

Karani Mstaafu
Basi huyo kijana asikabidhi.