Mrejesho: barua ya Kipolandi kwa mwenye nyumba

Niliuliza: "Nipo Krakow, naandika malalamiko kwa mwenye nyumba, hita imeharibika. Baada ya 'z' niandike awarii au awarią?"

Wakuu, asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kutoitazama "z" peke yake, bali msemo mzima. Basi nikaandika "w związku z awarią ogrzewania" (kuhusiana na hitilafu ya hita), kisha chini "z powodu awarii" (kwa sababu ya hitilafu). Neno ni lilelile, ila "w związku z" hutaka mwisho wa -ą, na "z powodu" hutaka -i. Mkataba nao ukawa "zgodnie z umową", kulingana na mkataba.

Hita imetengenezwa. Ukungu wa ukutani bado upo, na hapo nililikoroga mwenyewe: niliandika "pleśń na ścianę". Jirani Mpolandi alicheka, akasema hiyo "na" yenye -ę ni ya kitu kinachoelekea ukutani, kana kwamba ukungu unapanda! Uliokaa tu ni "na ścianie". Mwenye nyumba alielewa, ila hajafanya kitu. Barua ya pili naituma Jumatatu.