Tupeane uzoefu: TRA wamehoji ritani ya ushuru wa bidhaa, unaoanishaje daftari la uzalishaji na ulichotangaza?

karani_wa_stoo (Dodoma mjini)
Wadau habari. Naomba tupeane uzoefu kwa viwanda vidogo, hasa vya mvinyo. Kiwanda ninachokifanyia hesabu kimepata barua. Mwezi wa 8 mfumo wa stempu za kielektroniki unaonyesha stempu 9,840 zimewashwa, za chupa za ml 750. Ritani ya ushuru wa bidhaa inasema lita 5,904, yaani chupa 7,872. Wanataka maelezo ya chupa 1,968. Pia wameomba daftari la matangi. Mnaanzia wapi?

MajiKongwa
Hilo ni tatizo la VAT, mkuu. Sisi wa maji tuliulizwa hivyohivyo, mauzo ya ritani ya VAT hayalingani na ya ushuru. Waambie ushuru unaingia kwenye thamani inayotozwa VAT, ndiyo maana namba hazifanani. Ambatanisha ripoti ya Z ya EFD, yataisha.

Bi_Hesabu
Kaka MajiKongwa, hiyo ni hoja ya shilingi. Hapa wanauliza chupa. Mvinyo unatozwa kwa lita, kwa hiyo ripoti ya Z haitamjibu ofisa hata ukimpelekea rundo zima.

Karani, stempu huwashwa pale chupa inapojazwa na kubandikwa. Ritani inahusu mzigo uliotoka kiwandani. Kati ya hapo kuna stoo, na tofauti yako kubwa iko humo. Usiandike barua bado. Kwanza toa namba nne: chupa zilizokuwepo stoo asubuhi ya tarehe 1, zilizoingia kutoka kwenye mstari wa kujaza, zilizoharibika, na zilizobaki jioni ya tarehe 31. Zilizobaki zihesabiwe kwa mkono, usizichukue kutoka kwenye kompyuta.

karani_wa_stoo
Ahsante dada. Stoo tarehe 1 kulikuwa na chupa 1,210. Zilizoharibika kwenye mstari ni 96. Hesabu ya mkono ya tarehe 31, iliyosainiwa na mlinzi na mtunza stoo, ni 2,986.

Bi_Hesabu
Vizuri. 9,840 toa 96 ni 9,744 zilizoingia stoo. Jumlisha 1,210, unapata 10,954. Toa 2,986 zilizobaki. Zilizotoka ni 7,968. Ritani yako inasema 7,872. Kwa hiyo ile 1,968 ya kutisha imeshuka hadi 96.

Mzee_wa_Hombolo
Basi imeisha! 96 ndizo zilizovunjika. Mwandikie ofisa kwamba tofauti ni chupa za kuvunjika, weka picha za vigae, kazi kwisha.

Bi_Hesabu
Hapana mzee wangu, hapo ndipo watu wanapojichimbia shimo. Zile 96 tumeshazitoa tulipotoka 9,840 kwenda 9,744. Ukizitaja tena unazitoa mara mbili, na ofisa mwenye kikokotoo ataona kwa dakika moja. Namba kufanana ni bahati mbaya tu. Hizi 96 nyingine ni chupa zilizopita getini na hazimo kwenye ritani.

Karani, ritani uliijaza kutoka wapi? Hati za kutoa mzigo au EFD?

karani_wa_stoo
EFD. Mauzo ya mwezi ni katoni 656 za chupa 12.

Bi_Hesabu
656 mara 12 ni 7,872. Ndiyo hiyo. Sasa chukua kitabu cha hati za kutoa mzigo cha getini, namba kwa namba, usiruke hata iliyofutwa. Unatafuta katoni 8 zisizo na risiti.

karani_wa_stoo
Nimeziona. Katoni 8, tarehe 2, zilikwenda Nanenane Nzuguni kuonjesha wateja. Hazikukatiwa risiti kwa sababu hazikuuzwa.

Mzee_wa_Hombolo
Ya kuonjesha haina kodi. Hujapata hata senti, utatozwaje?

FundiKodi_Area_C
Mzee, umepatia nusu. Hakuna mauzo, sawa. Lakini ushuru huu haungoji mauzo, unaangalia kilichotengenezwa na kutoka. Chupa ya kuonjesha, zawadi ya harusi, ya mkurugenzi kunywa nyumbani, zote zimepita getini. Ndiyo maana ritani ya ushuru hujazwa kutoka kitabu cha stoo na hati za geti, kisha EFD hutumika kukagua tu. Anayeanza na EFD atapungukiwa kila mwezi wenye maonyesho.

Karani, 96 mara 0.75 ni lita 72. Rekebisha ritani ya mwezi wa 8 mwenyewe, lipa ushuru wa lita 72 pamoja na riba yake, halafu ndipo upeleke majibu. Wakikutangulia wakatoa makadirio, utahama kwenye njia ya pingamizi: siku 30 tangu kupewa uamuzi, na unalipa kwanza kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Kwa lita 72 haifai kufika huko. Kwa chupa 1,968 ungefika na ungeumia.

MajiKongwa
Swali dogo, hizo stempu za chupa zilizoharibika mnafanyaje? Sisi roli ikikwama zinachanika kumi kumi.

Bi_Hesabu
Stempu iliyoharibika isitupwe. Bandika kwenye karatasi, andika tarehe, namba ya bechi na sababu, msimamizi wa zamu asaini, na itolewe taarifa kwenye mfumo. Stempu iliyowashwa bila chupa wala karatasi, kwa ofisa ni chupa iliyouzwa. Na tofautisha mahali: iliyoharibika kwenye mstari ni moja, iliyovunjika ikiwa tayari stoo ni nyingine. Ya stoo usiizoe mwenyewe, mwite ofisa ashuhudie kwanza. Vigae vilivyokwisha kutupwa havithibitishi kitu.

karani_wa_stoo
Zangu zimebandikwa zote 96. Sasa matangi. Siku za kujaza, fimbo ya kupimia inaonyesha tangi limepungua lita 7,650. Chupa 9,840 ni lita 7,380. Lita 270 zimekwenda wapi? Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu ukiligeuza kuwa chupa ni 360.

mpishi_wa_mvinyo (Veyula)
Hili langu. Usijibu kwa asilimia, jibu kwa mahali. Mashapo yaliyobaki chini ya tangi yalipimwa?

karani_wa_stoo
Ndiyo, ndoo saba za lita 20. Lita 140.

mpishi_wa_mvinyo
Chujio na mipira, pamoja na mvinyo wa kwanza unaomwagwa kusafishia mashine ya kujazia?

karani_wa_stoo
Daftari la zamu linasema lita 40 kwa mwezi.

mpishi_wa_mvinyo
Sasa chukua chupa 20 kutoka katoni tofauti, zipime kwa mzani wa gramu, toa uzito wa chupa tupu na kizibo. Mvinyo mkavu lita moja ina uzito wa karibu kilo moja, kwa hiyo gramu na mililita zitakaribiana sana. Mashine ndogo za vichwa vinne huzidisha kidogo.

karani_wa_stoo
Nimepima leo. Wastani ml 757.

mpishi_wa_mvinyo
Unaona. Ml 7 mara 9,840 ni lita 69. Jumlisha 140 na 40, unapata 249. Zimebaki 21. Tangi lako lina kipenyo gani?

karani_wa_stoo
Mita 1.6.

mpishi_wa_mvinyo
Basi eneo la chini ni mita za mraba 2 na kidogo, na kila sentimita moja ya fimbo ni lita 20. Lita 21 ni sentimita moja. Fimbo ikiinama, au tangi likiegemea upande kwa sababu sakafu imetitia, sentimita hiyo inapotea bila mtu kuiba. Mwambie ofisa hivyo na umruhusu apime mwenyewe.

Bi_Hesabu
Kabla hamjafunga, naomba niulize jambo. Zile chupa 96 zilizoharibika kwenye mstari, mvinyo wake ulikwenda wapi?

karani_wa_stoo
60 zilivunjika au zilivuja, hazikuokolewa. 36 zilikuwa lebo zimepinda, tulizifungua na kurudisha mvinyo kwenye tangi lilelile.

Bi_Hesabu
Nilihisi. 36 mara 0.75 ni lita 27. Lita hizo zimejazwa kwenye chupa mara mbili, kwa hiyo zimo mara mbili ndani ya 7,380. Upotevu halisi si 270, ni 297. Ukitoa 249, zilizobaki bila maelezo ni 48, sentimita mbili na nusu hivi za fimbo. Fimbo peke yake haizibebi vizuri.

mpishi_wa_mvinyo
Kweli, hilo lilinipita. Hapo mimi ningeangalia pampu. Kama kuna siku walihamishia mvinyo tangi jingine bila kuandika, lita 48 ni dakika chache tu za mpira.

Mzee_wa_Hombolo
Si kuna kiwango kinachoruhusiwa cha upotevu? Mimi najua ni asilimia 3.

FundiKodi_Area_C
Mzee, kila mtu ana asilimia yake. Nimesikia 2, nimesikia 5. Mimi nisingeegemea yoyote kwenye barua. Ofisa akiona umeandika "upotevu wa kawaida asilimia 3" bila vipimo, atauliza kwa nini mwezi wa 7 ulikuwa 1.5. Jedwali la mahali, lenye saini za zamu, linasimama lenyewe.

Bi_Hesabu
Mimi natofautiana kidogo. Kama una miezi 12 ya vipimo, wastani wako mwenyewe unasaidia. Ila uwe wako, si wa jirani.

Karani, kwenye barua tenganisha mambo mawili. Ukurasa wa kwanza stoo: 1,210, 9,744, 2,986, 7,968, na ritani iliyorekebishwa yenye lita 5,976. Ukurasa wa pili matangi, na zile lita 48 ziandike kama zilivyo, "bado zinachunguzwa". Ambatanisha karatasi za stempu, nakala za hati za geti na risiti za kununulia zabibu. Risiti hizo zinahitajika kwa sababu mvinyo wenye zabibu za nyumbani zaidi ya asilimia 75 una kiwango chake cha ushuru, cha chini, na barua ikishafunguliwa, swali hilo huja.

karani_wa_stoo
Nimeelewa. Nimemuuliza fundi wa pampu, anasema tarehe 19 walihamisha "kidogo" kwenda tangi la 4 ili waoshe. Hakuandika. Kesho asubuhi tunapima la 4, ila limeshaongezwa mvinyo mwingine tangu hapo.

mpishi_wa_mvinyo
Limeongezwa mwingine? Basi angalia kama kuna sampuli ya maabara ya tangi la 4 ya kabla na baada ya tarehe 19. Kama kileo cha matangi hayo mawili kilitofautiana, huenda ukapata picha ya kiasi kilichoingia. Kama kilifanana, sioni njia.